Tiki ya bluu inatolewaje, na kwa nini watu wetu wengi wa kweli hawaipati

Mwezi uliopita shangazi yangu wa Mabela alinipigia simu baada ya Isha, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Mwanangu," akanambia, "kuna mtu kajifanya mimi. Na yeye ana ile tiki, mimi sina."

Shangazi ana ukurasa wa mapishi. Anapika, anahadithia mambo ya Unguja ya zamani, na kila Ramadhani anawachangisha jamaa kidogo kidogo kwa ajili ya futari za kijiji kimoja Pemba. Wanaomfuata wapo Maskati, Dubai, London mpaka Toronto. Siku hiyo akaunti nyingine, yenye picha yake ileile na jina linalofanana na lake isipokuwa herufi moja, ilikuwa inaomba michango. Familia moja Uingereza ilikwishatuma pauni mia na ishirini. Nilipowauliza kwa nini hawakumpigia kwanza, jibu lao lilikuwa fupi: "Tuliona ina tiki."

Mtandao wenyewe siutaji, maana ugomvi wangu si na kampuni moja. Nilichokitaka ni kuelewa kitu kimoja. Vipi mtu wa uongo anapata alama ya ukweli, na mwenyewe hana? Nimelifuatilia jambo hili kwa wiki kadhaa, nikasoma masharti ya mitandao mikubwa na nikamjazia shangazi fomu kwa mkono wangu. Jibu nililolipata ni kwamba tiki siku hizi si alama moja. Ni alama mbili zinazofanana rangi, na kila moja ina mlango wake. Watu wetu wengi wanakwama kwenye milango yote miwili.

Tuanze na ilikotoka. Mwaka 2009 kocha wa mchezo wa besiboli wa Marekani, Tony La Russa, aliishitaki Twitter kwa sababu mtu alifungua akaunti kwa jina lake na kuandika mizaha ya aibu juu ya ulevi na wachezaji waliofariki. Mwezi Juni mwaka huohuo Twitter ikatangaza kwamba itaanza kuweka alama kwa viongozi wa serikali, taasisi, wasanii, wanamichezo na wengine walio katika hatari ya kuigwa. Facebook ikafuata 2013, Instagram 2014. Angalia neno lenyewe: walio katika hatari ya kuigwa. Tangu mwanzo tiki haikukusudiwa kila mtu wa kweli. Ilikusudiwa watu maarufu, kwa sababu watu maarufu ndo waliokuwa na mawakili.

Huo ndio mlango wa kwanza, mlango wa umaarufu, na mpaka leo upo na ni bure. Kwenye Instagram unaingia katika mipangilio unakuta palipoandikwa Request verification. Fomu yake si ndefu. Inataka jina lako kamili na picha ya kitambulisho cha serikali. Inataka uchague fani yako na nchi yako. Kisha inakupa nafasi ya kuweka viungo vya habari zilizoandikwa juu yako. Masharti yanasema akaunti iwe ya mtu wa kweli, iwe imekamilika kwa maelezo na picha, iwe ni moja tu ya mtu huyo, na iwe ya mtu au kitu kinachojulikana. Neno la mwisho hilo ndilo linalowaangusha wengi.

Kujulikana kwa maana yao si kuwa na wafuasi. Watu wengi hawalijui hili. Nimekutana na kijana wa Ruwi anayenunua wafuasi kwa sababu anaamini akifika idadi fulani tiki inakuja yenyewe. Haiji. TikTok imeandika wazi kwamba idadi ya wafuasi haihesabiwi. YouTube ndiyo yenye namba: huwezi kuomba mpaka ufikishe watu 100,000 waliojiandikisha. Kwingine kinachotazamwa ni kama vyombo vya habari vimekuandika, tena vingi, si kimoja. Na habari ya kulipiwa, yaani tangazo lililovishwa kanzu ya habari, haihesabiwi.

Sasa hebu mchukue shangazi. Ukimtaja Darajani watu watamjua. Ukimtaja kwenye harusi yoyote ya Waswahili hapa Maskati, watamjua. Amehojiwa redioni si mara moja. Picha yake ilitoka gazetini Zanzibar, na mjomba bado anayo nakala kaiweka kwenye sanduku. Sauti zake za WhatsApp zinazunguka mpaka zinamrudia mwenyewe. Lakini nilipokaa naye kujaza sehemu ya viungo, tulibaki tunatazamana. Mahojiano ya redio yalipita hewani yakaishia hapo, hayana ukurasa wa kuyabofya. Gazeti ni la karatasi. WhatsApp haina kiungo cha kumpa mkaguzi. Tulipata kiungo kimoja tu, tovuti ndogo iliyoandika juu ya maonyesho ya vyakula ikamtaja katika mstari mmoja, tena jina limekosewa.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Umaarufu wa Mswahili uko katika sauti na katika vikao. Mkaguzi anataka umaarufu ulioandikwa, unaotafutika mtandaoni. Mpishi wa London mwenye robo ya watu wanaomjua shangazi anaweza kuwa na makala tano, kwa sababu mji wake una magazeti ya mtaani yenye tovuti. Sisi tuna watu wanaojulikana bara tatu ambao ukiwatafuta kwenye Google hupati kitu. Hakuna aliyekaa akaamua kuwabagua. Kipimo chenyewe kimetengenezwa kwa mahali ambapo kila kitu kinaandikwa.

Na ukikosa mahali pamoja, unakosa na kwingine. Telegram, kwa mfano, inataka uwe umeshathibitishwa kwenye mitandao miwili mingine, au uwe na makala yako Wikipedia. Wikipedia nayo inataka vyanzo vilivyoandikwa na watu wengine. Kwa hiyo asiye na habari zilizochapishwa hana tiki ya kwanza, na asiye na tiki ya kwanza haipati ya pili.

Kuna kundi jingine linalokataliwa hata likiwa na umaarufu, nalo ni kurasa za jamii. Kurasa za aina ya habari za Waswahili wa mji fulani, au picha za Zanzibar ya zamani, au matangazo ya misiba na harusi. Instagram imeeleza kwamba haithibitishi akaunti za mambo ya jumla. Ukurasa lazima uwe wa mtu, au biashara, au taasisi. Nawajua ndugu wanaoendesha ukurasa wa misiba kwa uaminifu wa miaka, na familia nzima hapa zinautegemea kujua maziko ni saa ngapi. Huo hautapata tiki kwa mlango huu, hata ukae miaka ishirini, kwa sababu si mtu.

Jibu la shangazi lilikuja baada ya siku chache, mstari mmoja wa kukataa bila sababu. Instagram hukuruhusu kuomba tena baada ya siku 30, na mitandao mingine ina mpango kama huo. Lakini kuomba tena na karatasi zilezile ni kupoteza wakati. Kama hakuna habari mpya iliyoandikwa, jibu litakuwa lilelile.

Basi nikamwambia, "Shangazi, tulipie."

Mlango wa pili, wa kulipia, ulifunguka kwa kishindo Novemba 2022. Elon Musk alikwishainunua Twitter, akatangaza kwamba tiki ya bluu ni dola 8 kwa mwezi kwa anayetaka. Siku chache hazikupita, mtu akafungua akaunti kwa jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly, akalipa, akapata tiki, akaandika kwamba insulini sasa ni bure. Watu wakaamini. Kampuni ya kweli ikabidi ijitokeze kuomba radhi kwa uongo wa mtu mwingine, na mpango ukasimamishwa kwa muda. Aprili 2023 tiki za zamani za bure zikaondolewa, na tangu hapo tiki ya bluu kule, ambako sasa panaitwa X, ina maana kwamba mtu amelipa, ana namba ya simu iliyothibitishwa, na akaunti haikuonekana kuwa na dalili za udanganyifu. Serikali zinapewa ya kijivu, makampuni ya dhahabu. Desemba 2025 Kamisheni ya Ulaya iliitoza X faini ya yuro milioni 120, na moja ya makosa iliyoyataja ni tiki hiyo hiyo: inauzwa kwa yeyote bila kampuni kumchunguza vya kutosha aliye nyuma yake, na watu wanadhani amechunguzwa.

Meta, wenye Facebook na Instagram, walifungua duka lao mapema 2023 kwa dola 11.99 kwa mwezi ukilipia kwenye kompyuta na 14.99 ukilipia kwenye simu, yaani chini kidogo ya rial sita. Wao walikuwa waangalifu zaidi. Wanataka uwe na miaka 18, uwe umewasha ulinzi wa hatua mbili, na ulete kitambulisho cha serikali. Ukishathibitishwa, huwezi kubadilisha jina wala picha kienyeji, sharti ukaguliwe tena. Kwa nia ya kuzuia wezi, hayo ni masharti mazuri. Lakini yasome tena kwa macho ya familia zetu.

Sharti la jina linasema jina la ukurasa lilingane na la kitambulisho. Sisi majina yetu yana makao mawili. Chukua mwanamke aliyezaliwa Unguja, cheti chake kinasema Zuwena Said Khamis. Akaja Oman, pasipoti ikaandikwa Zuwaina bint Saeed bin Khamis, na mwisho likaongezwa la kabila. Kwenye ukurasa wake anajiita Mama Fulani, kama anavyoitwa na mtaa mzima. Kwetu hayo majina matatu ni mtu mmoja na hakuna anayeuliza. Kwa anayelinganisha herufi ni watu watatu, na Said na Saeed kwake si jina moja. Akibadilisha ukurasa uwe na jina la pasipoti, tiki anaweza kuipata, ila watu wake hawatamjua tena. Ikiwa jina ndilo lililowaleta, amelipa rial sita kuwapoteza.

Kwenye mlango wa kwanza, wa umaarufu, kuna nafuu kidogo. Fomu ya Instagram ina kisanduku kilichoandikwa Also known as, na hapo unaweza kuweka majina mengine unayojulikana nayo, hata katika lugha nyingine. Watu wengi wetu wanakiacha kitupu kwa sababu hakikulazimishwa. Wasikiache. Marehemu Fatuma binti Baraka, aliyefariki 2013, ulimwengu haukumjua kwa jina hilo. Ulimjua kwa Bi Kidude. Kisanduku hicho ni cha watu wa namna yake, na majina ya nasaba na ya kabila, kwa Kiarabu na kwa herufi za Kizungu, yote yaingie humo.

Halafu kuna picha. Mpango wa kulipia wa Meta unataka picha ya ukurasa iwe ya uso wako, ilingane na ya kitambulisho. Nani kati ya mama zetu na dada zetu ameweka uso wake? Utaona ua waridi, utaona dalla ya kahawa, utaona mjukuu amegeuka mgongo, au mwenyewe kajifunika. Hilo ni stara, na ni haki yake. Lakini kwa masharti hayo, mwanamke mwenye stara hawezi kuthibitishwa kama mtu binafsi hata akiwa na pesa na pasipoti mkononi. Kuna mpango mwingine wa biashara, unaotazama karatasi za biashara badala ya uso. Shangazi hauzi kitu, karatasi hizo hana.

Nilipomsomea sharti la picha alicheka. "Uso wangu nikauweke dunia nzima wanitazame ili wajue kuwa mimi ni mimi? Si wanajua sauti yangu." Ikawa basi.

Na yule mwizi je? Ukiyasoma masharti kwa makini unaona kwamba njia ya kulipia haimsumbui mwizi kama inavyomsumbua mwenyewe. Pale panapouliza pesa na namba ya simu tu, vyote viwili anavyo. Pale panapouliza kitambulisho, hununua au huiba akaunti ya mtu iliyokwisha kuwa na tiki, kisha hujaribu kuigeuza sura. Mitandao imejaribu kuuziba mwanya huu. X huondoa tiki kwa muda mtu akibadilisha jina au picha mpaka akaguliwe tena, na YouTube haiibakishi alama ukibadilisha jina la chaneli. Lakini ukaguzi una wakati wake, na mwizi anahitaji siku mbili tatu tu, hasa zikiwa ni siku za Ramadhani.

Kwa hiyo swali la kuuliza ukiona tiki si "ipo au haipo". Ni "ipo kwa mlango gani, na tangu lini". Kwenye Instagram unaweza kujua mwenyewe. Gusa jina la akaunti, au vile vidoti vitatu, utaona About this account. Kwa akaunti nyingi, hasa zenye tiki au wafuasi wengi, itakuonyesha mwezi na mwaka ilipofunguliwa, nchi inakoendeshwa, na kama ilishawahi kubadilisha jina. Ukurasa wa shangazi wa Mabela ulioanza mwezi jana na umebadilisha jina mara nne, huo si wa shangazi, hata ung'ae bluu vipi. Na kwenye WhatsApp, tiki ni ya biashara na ya chaneli, si ya akaunti ya mtu binafsi, na inakaa ubavuni mwa jina. Ukiiona imechorwa ndani ya picha ya mtu, hiyo kachora mwenyewe kwa kidole chake.

Lile la ukurasa bandia tulilimaliza bila tiki. Tulifanya kosa mwanzoni. Shangazi aliwaomba wafuasi wote wauripoti, wakaripoti kwa mamia, na siku mbili zikapita kimya. Kumbe ripoti ya kuigwa haifanyi kazi kwa wingi wa kelele. Fomu yake ni nyingine kabisa. Instagram, kwa mfano, husema inamjibu aliyeigwa mwenyewe au mwakilishi wake, pamoja na picha ya kitambulisho. Haimuulizi kama ni maarufu, haihesabu magazeti, na haiitaji uso wake uonekane hadharani. Tulipoijaza ya mtandao ule wenyewe, tukaambatisha pasipoti, na katika maelezo nikaandika kwamba jina la ukurasa ni lakabu na hili la pasipoti ni la kisheria, ukurasa wa uongo ulitoweka kesho yake kabla ya Magharibi.

Pauni mia na ishirini hazikurudi. Ile familia ya Uingereza ilituma tena, safari hii kwa mkono wa mtoto wao aliyekuwa anasafiri. Shangazi naye amerikodi kipande kimoja na kukibandika juu kabisa ya ukurasa wake. Hakuonyesha uso. Unaona mikono yake inakanda unga wa maandazi, na sauti yake inasema ukurasa wake ni huu mmoja tu, haombi pesa kwa ujumbe wa siri, na anayetaka kuchangia futari ampigie kwa namba ileile aliyo nayo miaka yote, amsikie mwenyewe. Nilimuuliza kama niombe tiki tena siku 30 zikitimia. Alinambia nisubiri kwanza yule mwandishi aliyemkosea jina alisahihishe.